Mteja wangu alianguka saluni, na sasa naambiwa nisimsemeshe

*Shikamoo Shangazi,*

*Nina saluni ndogo ya kina mama huku Mombasa, viti vitatu na wasichana wawili. Siku 19 zilizopita mama mmoja aliye mteja wangu kwa miaka sita sasa, sahibu ya mamangu, alikuja kutiwa dawa ya nywele. Wakati wa kuosha ulipofika, msichana akamwambia amfuate sinkini. Chini ya sinki kuna paipu inayovuja. Nilishamwandikia mwenye jengo kwenye WhatsApp mara mbili, na tukawa tumetandika taulo chini kunyonya maji. Mama akakanyaga taulo, likateleza naye, akauangukia mkono. Kwa ile taharuki hakuna aliyekumbuka kichwa. Dawa ilikaa karibu dakika 20 zaidi, ikamuunguza utosini na nyuma ya sikio.*

*Hospitali wakakuta kifundo cha mkono kimevunjika, akafungwa plasta ya wiki sita. Nililipa shilingi 27,500 siku hiyo. Usiku nikamtumia ujumbe wa sauti: "Kosa ni langu mama, nitalipia kila kitu mpaka upone."*

*Nina bima ya dhima kwa umma. Niliikata kwa sababu mwenye jengo aliitaka kwenye mkataba wa kupanga. Kikomo ni shilingi 500,000 kwa tukio, na ekses, yaani sehemu ya dai ninayobeba mwenyewe, ni asilimia 10 isiyopungua 20,000. Sikuikumbuka hata siku moja hadi juzi, mtoto wake alipoleta barua ya madai kutoka kwa wakili. Nikampigia ajenti. Akaniambia nisizungumze tena na mama yule, na kwenye fomu nisitaje dawa kabisa, niandike tu kwamba aliteleza.*

*Mamangu asema nikinyamaza nitakuwa nimemtupa mtu aliyenibeba mgongoni. Mume wangu asema tuuze draya mbili tumalizane kiutu, bila bima wala wakili. Mimi silali. Nifanyeje?*

*Mwenye saluni, Mombasa*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu niliwahi kukaa miaka mingi kwenye dawati la madai ya bima, na barua kama yako nilizipokea zikiwa zimechelewa kuliko hii. Lakini lipo jambo moja lisilongoja mwisho wa jibu langu. Leo hii, kabla ya kufunga saluni, iandikie kampuni ya bima yenyewe kwamba kumetokea tukio. Usitosheke kumpigia simu ajenti. Tuma barua pepe yenye namba ya hati yako ya bima, tarehe, saa, jina la aliyeumia, na picha ya barua ya wakili. Eleza pia kwa nini umechelewa: kwamba hukuikumbuka bima hii hadi barua ya madai ilipofika. Hati nyingi hutaka taarifa "mara moja", na nyingine huweka idadi ya siku. Siku 19 zinaweza kuleta maneno. Siku 40 zitaleta maneno makubwa zaidi.

Utafanya hivyo hata kama hatimaye mtachagua njia ya mumeo. Kutoa taarifa hakukufungi kudai. Kutotoa ndiko kunakokufungia mlango, na hutaweza kuufungua tena siku utakapouhitaji.

Sasa tuketi tuzungumze.

Naona umeichukua bima hii kama bima ya ajali ya wateja, yaani mteja akiumia ndani ya saluni, kampuni hulipa. Wengi huifikiria hivyo, na ajenti anapouza hana haraka ya kuwasahihisha. Bima ya dhima kwa umma hulinda mfuko wako wewe. Hulipa pale sheria inapokutaka wewe umlipe mtu wa nje kwa sababu ya uzembe wako au wa wafanyakazi wako. Ikiwa sheria haikudai kitu, bima nayo haina cha kulipa, hata kama mama wa watu amevunjika mkono. Angekuwa ameanguka kwa kizunguzungu cha sukari, penye sakafu kavu, kampuni ingesema pole na kufunga faili. Na kama msichana wako ndiye angeanguka, tusingekuwa na hati hii mkononi kabisa. Mfanyakazi ana bima yake chini ya sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, WIBA, ya mwaka 2007, ambayo wewe kama mwajiri unatakiwa uwe nayo.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kama sheria inakudai. Kenya tuna sheria inayohusu dhima ya mwenye kushika mahali, Sura ya 34. Haiulizi jengo ni la nani. Huuliza nani analisimamia, nani aliwaalika watu waingie, na kama alichukua uangalifu wa kadiri ili mgeni awe salama kwa lile jambo aliloitiwa. Mama yule aliitiwa kuoshwa nywele. Njia ya kwenda sinkini ilikuwa moja, na ilikuwa na maji. Wewe ulijua ina maji. Taulo lililolowa juu ya kigae ni utelezi wa pili juu ya utelezi wa kwanza.

Wapo watakaokuuliza kama uliweka kibao cha onyo. Hata ungeweka, sheria hiyohiyo husema onyo peke yake halimwondolei mwenye mahali dhima, ila pale linapotosha kumfanya mgeni awe salama kweli. Mtu mwenye dawa kichwani ambaye lazima afike sinkini hana njia ya pili ya kupita. Kibao kingemwambia kuna hatari, kisha msichana akamwambia pita hapohapo.

Sikuandikii haya kukuumiza. Nakuandikia kwa sababu unaogopa kwamba ukiipa bima kesi hii, mama yule hatapata kitu. Kwa ulivyoeleza, dai lake la mkono lina miguu ya kusimama. Na hapo ndipo bima yako inapoanza kuwa na kazi.

Utauliza: kama nilijua paipu inavuja, si watasema nimevunja sharti la kuchukua tahadhari? Sharti hilo lipo karibu katika kila hati, na ajenti wengi hulitumia kutisha watu. Mahakama za Uingereza, ambazo maamuzi yake husomwa na majaji wetu kama mwongozo, zilipima jambo hili katika kesi ya Fraser dhidi ya Furman mwaka 1967. Zilisema sharti la tahadhari haliwezi kumaanisha kwamba uzembe wowote unafuta bima, maana bima ya dhima hukatwa kwa ajili ya uzembe. Linauma pale mtu alipoiona hatari, akaijua ni hatari, kisha akapuuza bila kujali. Wewe ulimwandikia mwenye jengo mara mbili na ukajaribu kuzuia maji. Hukufanya vya kutosha, lakini hukupuuza.

Ndiyo maana nakusihi usizifute zile jumbe za WhatsApp. Najua zinakuuma kuzitazama, kwa kuwa zinaonyesha ulijua. Zinaonyesha pia kwamba ulilalamika, na kwamba yupo mtu mwingine aliyeambiwa akakaa. Angalia mkataba wako wa kupanga: kutengeneza paipu za maji ni kazi ya nani? Kama ni ya mwenye jengo, wakili wa bima anaweza kumwingiza naye kwenye kesi abebe sehemu yake. Bila zile jumbe hilo halipo. Piga picha za sinki, paipu na vigae leo, kisha mwite fundi azibe. Ukisubiri mtu wa bima aje kuona kwanza, mteja mwingine atapita palepale.

Sasa tuje kwenye dawa, kwa kuwa hapa ndipo kiini cha barua yako kilipo, ingawa wewe umekitaja kwa mstari mmoja.

Mama yule ana majeraha mawili, na hati yako inaweza kuyatazama kwa macho mawili tofauti. Mkono ulivunjika kwa kuanguka, na kuanguka ndani ya mahali pako ndiyo kazi hasa ya bima hii. Kichwa kiliungua kwa dawa. Hati nyingi za kawaida za dhima kwa umma zina kifungu kinachoondoa madhara yanayotokana na matibabu au huduma anayofanyiwa mtu mwilini. Saluni inayotaka kulindwa dhidi ya dawa, rangi, nta na mvuke hununua nyongeza maalumu juu ya hati, na nyongeza hiyo huandikwa kwenye ukurasa wa jedwali, ule wenye jina lako na kiasi cha kikomo. Uliikata bima kwa sababu ya mwenye jengo, na yeye alihitaji ilinde jengo lake na wapita njia. Sidhani kama kuna aliyekuuliza kazi yako inatumia kemikali gani. (Wenye mikahawa wanaosoma hapa, hadithi yenu ni hiyohiyo: mteja akiteleza kwenye supu mnaweza kuwa salama, akiugua kwa ile supu mnahitaji nyongeza ya chakula na vinywaji. Tazameni ukurasa wa jedwali.)

Toa hati yako uisome ukurasa huo. Ukikuta nyongeza ya huduma za urembo, pumua, sehemu kubwa ya wasiwasi wangu imekwisha. Ukiikosa, bado si mwisho, kwa sababu kuna hoja ya kweli ya kutolewa. Dawa ilitiwa sawasawa na ilikuwa iondolewe kwa wakati wake. Kilichozuia isiondolewe ni kuanguka, na kilichomwangusha ni maji ya paipu. Mnyororo unaanzia kwenye sakafu. Bima huuliza sababu iliyotenda kazi kwa nguvu, hata kama si ya mwisho kwa saa, na unaweza kusema sababu hiyo ni utelezi.

Kampuni nayo ina la kujibu. Itasema sababu zilikuwa mbili, sakafu na kemikali, na kanuni inayotumika mara nyingi ni kwamba sababu mbili zikitenda pamoja, moja ikiwa inafidiwa na nyingine imeondolewa wazi katika hati, ile iliyoondolewa hushinda. Itauliza pia kwa nini watu wawili walikaa dakika 20 bila hata mmoja kuleta jagi la maji. Hapo maneno kamili ya kifungu chako yana uzito. Kifungu kinachosema madhara "yaliyosababishwa na" huduma ni chembamba kuliko kinachosema "yanayotokana kwa namna yoyote na" huduma. Soma neno kwa neno, na ukishindwa mpelekee wakili asiyefanya kazi na kampuni hiyo akusomee ukurasa huo mmoja.

Ajenti wako ameiona tofauti hii ndiyo maana akakwambia usitaje dawa. Labda alidhani anakusaidia. Lakini fikiri nani mwingine anajua. Faili la hospitali lina maelezo ya kuungua kichwani. Barua ya wakili bila shaka inataja. Mtoto wake alimwona mama yake. Mtu wa bima atakayekuja kuchunguza atawakalisha wasichana wako mmojammoja. Kampuni ikikuta umeficha jambo ulilolijua, haitaondoa fedha za kichwa peke yake. Inaweza kulikataa dai zima, na mkono pamoja nalo, kwa sababu ya maelezo ya uongo. Yaani ili kuokoa sehemu ndogo yenye shaka, utakuwa umeiweka rehani sehemu kubwa iliyo wazi. Na fomu utatia sahihi wewe, ajenti hatatia.

Tuifanyie hesabu, kwa namba za mfano tu. Tuseme wakubaliane jumla ya shilingi 380,000, ambapo 300,000 ni za mkono na 80,000 za kichwa. Kampuni ikikubali yote, ekses yako ni asilimia 10, yaani 38,000, nayo hulipa 342,000. Ikikataa sehemu ya kichwa, utabeba zile 80,000 na ekses ya 30,000 kwa ajili ya mkono, jumla 110,000, nayo italipa 270,000. Ikilikataa dai lote kwa sababu ya kuficha, ni 380,000 zako pamoja na wakili wako. Kuhusu wakili, tazama kama hati yako inasema gharama za utetezi zimo ndani ya kile kikomo cha 500,000 au ziko juu yake. Kesi ikienda mbali, tofauti hiyo huonekana.

Nimeiacha kwa makusudi habari ya ule ujumbe wa sauti, maana naona ndio unaokunyima usingizi.

Karibu kila hati ina sharti kwamba mwenye bima asikiri kosa, asiahidi malipo wala kupatana bila idhini ya kampuni kwa maandishi. Wewe umekiri na umeahidi, vyote ndani ya sekunde chache. Je, umeiharibu bima? Umeipa kampuni hoja. Hujafanya jambo lisilotengenezeka. Ulisema usiku wa tukio, kwa hofu, hujui hata sharti hilo lipo, na ukweli wa sakafu ungejulikana hata bila sauti yako. Kampuni yenye busara itaona kwamba maneno yale hayakubadilisha kitu kikubwa. Isipoona hivyo, unaweza kuibishia. Usichoweza kubishia ni wao kuusikia ujumbe kwa mara ya kwanza kutoka kwa wakili wa upande wa pili. Kwa hiyo uweke kwenye maelezo yako, pamoja na zile shilingi 27,500 ulizolipa na risiti zake. Malipo ya huduma ya kwanza siku ya ajali hati nyingi huyaruhusu au huyavumilia. Ahadi ya "kila kitu mpaka upone" ndiyo wanayoiogopa, kwa sababu haina namba.

Baada ya hapo unaweza kupokea barua inayosema kampuni inalishughulikia dai "huku ikihifadhi haki zake zote". Usiisome kama kukataliwa. Maana yake wanaendelea kuchunguza bila kuahidi kwamba watalipa, na wanaweza kurudi kwenye suala la kuchelewa, la ujumbe au la dawa. Uliza kwa maandishi ni haki gani hasa wanahifadhi na kwa kifungu kipi.

Na sasa, je, unyamaze?

Hapa naomba nitofautiane na ajenti, na kidogo na mamako mpendwa. Kiswahili chetu kimetupa maneno mawili ambayo wenzetu wa lugha nyingine huyachanganya. Tunasema "pole" kwa mtu aliyefiwa ambaye hatukumuua ndugu yake. Tunasema "pole" kwa aliyechoka na kazi ambayo hatukumtuma. Pole haikiri kitu. "Nisamehe, kosa langu" ni neno jingine, na hilo ndilo sharti la bima linalokuzuia. Hakuna sharti ninalolijua linalomkataza mwenye saluni kwenda kumjulia hali sahibu ya mamake, kumpelekea chakula, kumsaidia kufua nguo kwa kuwa mkono mmoja umefungwa. Unachozuiwa ni kuzungumzia nani alikosea, nani atalipa na kiasi gani. Sasa kuna barua ya wakili, kwa hiyo mwambie pia mtu wa bima kwamba utamtembelea na hutagusa habari ya fedha. Akikujibu kwa maandishi kwamba hana pingamizi, moyo wako utakuwa mwepesi zaidi.

Njia ya mumeo naiheshimu, na nimeona watu wakimalizana hivyo wakabaki ndugu. Lakini aizingatie kwa ukubwa wake. Plasta bado haijatoka. Hatujui kama kifundo kitanyooka sawa, kama atahitaji mazoezi ya viungo kwa miezi, kama nywele zitaota pale palipoungua. Mkimpa leo fedha za draya mbili bila maandishi, bado ana miaka 3 tangu siku ya tukio kwenda mahakamani kwa sheria yetu ya ukomo wa mashauri, na madai ya kuumia yasiyozidi shilingi milioni 1 hupokelewa hata katika Mahakama ya Madai Madogo, ambako mambo huenda haraka. Mkiandikiana hati ya kumaliza dai lote, basi iwe baada ya daktari kusema amepona au amebakiwa na nini, naye awe amepata ushauri wake. Na mjue kwamba mkishapatana wenyewe bila idhini, kampuni haitawarudishia hata shilingi. Je, draya mbili ndizo thamani ya kilichompata, au ndizo mlizonazo? Nauliza tu. Kumaliza kiutu kunakompa mwanamke aliyevunjika mkono pungufu ya anachostahili, ilhali kuna kampuni uliyoilipa ili itoe zaidi, mlitazame vizuri nyote wawili.

Njia ya bima nayo ina machungu yake, sikufichi. Ni ya polepole. Mchunguzi atakuja, mama atatakiwa apimwe na daktari mwingine, wakili wa bima anaweza kusema mahakamani kwamba mama hakutazama alipokanyaga. Utakaa ukisikia mtu akisema hivyo kwa niaba yako kuhusu mama uliyemzoea. Mwaka ujao bei ya bima yako inaweza kupanda. Hii si kama bima ya gari, ambapo sheria ina njia ya kuifanya kampuni ilipe hukumu ya aliyegongwa. Hapa mkataba ni wako na wao, na mama anakudai wewe. Kwa hiyo jina lako ndilo litakaloandikwa kwenye hati za kesi. Zikifika, zipeleke kwa kampuni siku hiyohiyo na udai muhuri wa kupokelewa. Nimeona hukumu ikitolewa upande mmoja kwa sababu karatasi zilikaa kwenye droo ya vitana wiki tatu. Na kampuni ikikukatalia kwa sababu usiyoielewa, Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA, hupokea malalamiko ya wenye bima.

Kuna njia ya katikati ambayo wengi hawaiulizii. Iombe kampuni idhini ya maandishi uendelee kulipia matibabu yake ya lazima, miadi ya kutoa plasta, dawa ya kidonda cha kichwa, kwa kiwango kilichotajwa na kwa maneno kwamba malipo hayo hayakiri dhima. Tuseme hadi shilingi 30,000, kwa risiti. Baadhi ya kampuni hukubali kwa sababu mgonjwa anayetunzwa hupona haraka na hakasiriki. Nyingine hukataa. Wakikubali, lipa moja kwa moja hospitalini, na mama mwenyewe umwombe atunze kila risiti ya nauli na dawa, maana gharama za namna hiyo mahakama huzitoa kwa ushahidi wa karatasi. Umwombe hivyo hata kama risiti hizo ni za kukudai wewe. Ni haki yake, na kampuni yako nayo hulipa kinachoonekana.

Mwanangu, ipi kati ya hizi ni yako, utaijua wewe na mumeo baada ya kusoma ukurasa wa jedwali na kupata jibu la kwanza la kampuni. Mkishalipata ndipo mzungumze habari ya draya. Mkizungumza kabla yake mtapangia fedha kwa hofu.

Na ukienda kwake jioni, nenda na mamako. Mwambie hivi, kwa maneno yako: "Mama, pole sana, nimekuja kukujulia hali. Mambo ya fedha nimeyapeleka kwa watu wa bima kwa sababu nataka yafanyike sawasawa, nao wamenikataza kuyazungumza. Nikinyamaza kwa hilo, usidhani nimekukimbia." Kisha mwulize kichwa kinaendeleaje, na kama kuna anayemsaidia kukiosha bila kukitia maji kidonda.